Naingia supamaketi na orodha ya vitu 11, natoka na 19: nakosea wapi?

Kibubu Kitupu

Habari zenu, wakuu. Kila Ijumaa jioni nikitoka kazini hupitia supamaketi kununua mahitaji ya wiki, nikiwa na mwanangu wa miaka mitano ambaye humchukua njiani. Orodha ninayo, huiandika asubuhi kwenye simu, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo langu ni kukosa mpango. Hata hivyo, juzi niliilinganisha risiti na orodha nikakuta kwamba nilipanga kununua vitu 11 na nikalipia 19. Vile vinane vya ziada havikuwa vya anasa: biskuti, juisi, mshumaa wa manukato, chupa ya pili ya sabuni ya maji na vinginevyo, lakini kwa mwezi mzima ndivyo vinavyokula akiba yangu. Wenzangu, mnajizuiaje mkiwa mle ndani?

Shibe Kwanza

Ndugu, jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Unatoka kazini jioni, maana yake unaingia dukani na njaa. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliothibitisha kwamba mwenye njaa huchagua vyakula vyenye kalori nyingi zaidi. Kula kwanza, na hayo mengine yataisha yenyewe.

Mzee wa Rafu

Nimepanga bidhaa kwenye rafu kwa miaka tisa, na sikubali kwamba yataisha yenyewe. Kibubu, kabla sijakushauri lolote, naomba uichukue risiti hiyo na uandike pembeni ya kila kimoja cha vile vinane mahali hasa ulipokichukua.

Kibubu Kitupu

Nimejitahidi kukumbuka, Mzee. Vitatu, vikiwemo sabuni na mshumaa, nilivichukua kwenye yale marundo yanayokaa mwishoni mwa safu za rafu. Viwili, juisi ikiwa mojawapo, nilivichukua nikielekea nyuma kwenye maziwa. Biskuti alizichukua mtoto. Viwili vilivyobaki ni peremende za kwenye foleni ya malipo.

Mzee wa Rafu

Basi umeona mwenyewe kwamba kati ya vinane hakuna hata kimoja ulichokwenda kukitafuta; vyote vilikukuta njiani.

Mwisho wa safu, ambao sisi tuliuita kichwa cha safu, ndiyo sehemu inayogombewa kuliko zote, kwa sababu kila mteja anayekata kona hana budi kuipita, na mara nyingi msambazaji hulipa ili bidhaa yake ikae hapo. Tatizo ni kwamba macho ya mteja yamezoea kuamini kuwa rundo kubwa lenye bango ni ofa. Mara nyingine ni ofa kweli, lakini mara nyingine tulibadilisha mahali tu na bei ikabaki ileile. Njia ya kujua ni moja: nenda kwenye rafu ya kawaida ya bidhaa hiyo, uilinganishe na jirani zake. Ukiona uvivu kwenda, hiyo ni dalili kwamba hukuihitaji.

Maziwa kuwekwa nyuma kuna sababu ya kweli ya majokofu na ya kushusha mzigo, kwa hiyo si hila tupu. Ila matokeo kwako ni yaleyale, yaani unavuka duka zima kwa ajili ya kitu kimoja. Ndiyo maana orodha yako, ingawa unayo, haikusaidii ipasavyo. Ipange upya kwa mfuatano wa duka, tangu mlangoni hadi kaunta, ili usirudi mara mbili kwenye safu uliyokwisha kuipita. Andika pia kipimo. Nina hakika sabuni ilikuwa kwenye orodha yako bila idadi, ndiyo maana chupa ya pili ilipata mlango wa kuingilia.

Kwenye rafu yenyewe, usawa wa macho ni wa bidhaa zinazolipa zaidi, na za bei nafuu huelekea kukaa chini, karibu na magoti. Lakini macho ya mtoto wako yako chini kuliko yako, na biskuti zenye picha za wanyama hazikuwekwa pale kwa bahati.

Baba Mapacha

Mimi nimewahi kuzama kwenye mikopo ya simu, nikaikomesha kwa kufuta programu zote. Kibubu, na wewe jaribu kufuta programu ya kulipia, tatizo litaisha.

Kibubu Kitupu

Ahsante, Baba Mapacha, ila mimi sina mkopo. Nalipa kwa fedha yangu mwenyewe, ndiyo maana inaniuma. Mzee, ni kweli, sabuni niliiandika bila idadi.

Hesabu Haidanganyi

Naomba nirekebishe mambo mawili. Kwanza, Shibe Kwanza, utafiti huo wa 2013 ulibatilishwa na jarida lililouchapisha mwaka 2018, kwa hiyo usiutegemee. Hilo halina maana kwamba njaa haina athari. Uko utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulioonesha kwamba watu wenye njaa walichukua vibanio vya karatasi vingi zaidi kuliko walioshiba, na vibanio haviliwi. Huenda hapo ndipo mshumaa wa Kibubu ulipoingilia, ingawa siwezi kuapa.

Pili, Mzee, wanaoinama wakaokota cha rafu ya chini bila kupiga hesabu nao hupunjwa. Tuseme pakiti ya usawa wa macho ina gramu 400 na inauzwa 80, na ya chini ina gramu 300 na inauzwa 66. Ya chini inaonekana rahisi, lakini kwa kila gramu 100 unalipa 22, wakati ile ya juu ni 20. Gawanya kwanza, ndipo uiname.

Shibe Kwanza

Nimekubali kuhusu ule utafiti. Ila mimi nikila ndizi mbili kabla ya kuingia naona tofauti, na hilo halijabatilishwa na mtu.

Mzee wa Rafu

Hesabu umenishika, na ni kweli. Kuhusu foleni ya malipo, kule Uingereza, tangu Oktoba 2022, maduka makubwa yamekatazwa kuweka vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi karibu na kaunta, mlangoni na kwenye vichwa vya safu. Mahali hapo pasingekuwa na nguvu, wasingehangaika kupatungia sheria. Kibubu, ukifika kwenye foleni mpe mtoto kazi ya kupanga vitu kwenye kaunta, mikono yake iwe na shughuli.

Kibubu Kitupu

Narudi baada ya Ijumaa mbili. Orodha niliiandika kwa mfuatano wa duka pamoja na idadi, sote wawili tulikula kabla ya kuingia, na nilibeba kikapu badala ya kusukuma troli. Wiki ya kwanza vya ziada vilikuwa vitatu, ya pili vinne. Peremende hazikununuliwa kabisa, kwa sababu mtoto ameipenda ile kazi ya kaunta kupita kiasi, hata anapanga na vya mteja wa nyuma yetu. Kilichonishinda ni kwamba wiki ya pili niliipita dawa ya meno, ambayo iliniishia nyumbani na sikuwa nimeiandika, nikaiacha kwa kuiheshimu orodha. Kesho yake ikanibidi nirudi dukani, na vile vinne vya ziada vyote nilivinunua siku hiyo. Sasa sijui kama niiruhusu orodha nafasi moja ya kitu nilichosahau, au nitakuwa nimejifungulia mlango uleule.

Hesabu Haidanganyi

Bandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, uandike kitu siku kinapoanza kuisha, si asubuhi ya Ijumaa. Nafasi hiyo moja mimi nisingeiacha.

Mzee wa Rafu

Mimi ningeiacha, lakini kwa sharti kwamba usiijaze ukiwa umesimama kwenye kichwa cha safu.