Majirani wa Tabata: jiki ya Mama Neema

Mama Neema: Habari za jioni jamani. Nimeloweka mashuka meupe kwenye jiki niliyonunua leo, doa hata moja halijatoka. Picha za chupa hizo hapo. Hii ni feki?

Dullah: Feki hiyo. Jiki orijino ukifungua tu inachoma pua.

Baba Tunu: Harufu inasaidia kidogo Dullah, ila hata jiki halali ikikaa sana juani inaisha nguvu. Mama Neema, ulipofungua mara ya kwanza kizibo kilikatika?

Mama Neema: Kilizunguka laini tu.

Baba Tunu: Angalia shingoni. Chini ya kizibo kuna pete iliyoshikana nacho kwa vijino vyembamba. Ukifungua vinakatika, pete inabaki.

Mama Neema: Pete ipo. Vijino vina kitu kama gundi iliyokauka 😳

Baba Tunu: Basi kilishafunguliwa, kikabandikwa. Pindua chupa, kitakoni kuna nini?

Mama Neema: Pembetatu yenye namba 2. Na kiduara chenye 1 hadi 12, kina mshale.

Dullah: Ah, kama hizo zipo ni orijino.

Baba Tunu: Chupa ndiyo. Alama za kitakoni zinatoka kwenye kalibu chupa inapopulizwa. Zinamuumbua anayeigiza chupa, maana kwake zinatoka butu au hazipo kabisa. Anayeokota chupa halali akajaza maji yake hazimuumbui. Huyo anakamatwa na kizibo na lebo. Mshale uko wapi?

Mama Neema: Kwenye 3, katikati 22. Lakini tarehe ya kutengenezwa wamepiga Septemba 2025.

Baba Tunu: Hiyo ni Machi 2022, ndipo chupa ilipulizwa. Chupa tupu ikae stoo miaka mitatu? Sidhani. Ila nilipokuwa kiwandani niliona mafundi wanasahau kusogeza mshale, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Lebo je?

Mama Neema: Kona imeinuka. Nimeivuta, chini kuna ukingo wa lebo nyingine!

Baba Tunu: 🙆🏾‍♂️ Sasa pete, tarehe na lebo vinasema kitu kimoja.

Bi Mwajuma: Kwa hiyo sabuni yangu ya vyombo ya kupima, ile naiweka kwenye chupa ya maji, nayo feki?

Baba Tunu: Hapana bibi, hiyo haijajiita ya kampuni yoyote. Iandike tu, wajukuu wasije kuinywa.

Dullah: Mama Neema mrudishie mwenye duka.

Mama Neema: Nimeshampigia. Anasema na yeye alinunua Kariakoo kwa machinga, risiti hana.

Dullah: Anajua huyo!

Baba Tunu: Anaweza kuwa kauziwa pia. FCC, Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya bidhaa bandia, ila usitupe chupa wala kizibo. Mwingine aliyenunua pale?

Mama Zuwena: Mimi, dumu la lita 5. Pete sioni kabisa.

Baba Tunu: Tuma picha ya shingo, na ya kitako.