Mrejesho: tairi lililogandia kwenye habu limetoka

Niliuliza: "Nati zote nimetoa, gari liko juu ya jeki, tairi la mbele halivutiki. Nifanyeje?"

Wakuu, limetoka, asanteni sana! Nilirudisha nati zote tano, nikaziacha zimelegea mzunguko mmoja tu, nikashusha jeki. Nikasogeza gari taratibu mbele na nyuma, kama mita mbili, nikikanyaga breki ghafla. Mara ya tatu likalia "ko!" Nati msizitoe kabisa, tairi litachomoka.

Kutu ilikuwa imezunguka tundu la katikati la rimu, nene kama ganda la mhogo. Nimeisugua kwa brashi ya waya, nikapaka grisi kiduchu ukingoni mwa habu. Kwenye bolti na diski ya breki sikugusa.