Tupeane uzoefu: nani ameshaangushwa na tairi la mwenzie?

Mguu Chuma: Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, mtulinga umevunjika. Jumamosi tulikuwa tunarudi kwa baiskeli kutoka Bagamoyo, watu tisa, kusi inatupiga usoni. Mimi nimejificha nyuma ya jamaa, raha mustarehe, km 32 kwa saa napiga pedali kama natembea. Baada ya Kerege akapunguza kidogo. Sikutaka kugusa breki, nikachepuka kushoto, tairi langu la mbele likapita lake la nyuma kama shubiri moja. Hapo hapo akakwepa shimo, akaja kushoto. Nilisikia "zzzp" tu. Yeye hata hakuyumba, mimi nikalala lami upande wa kulia. Sasa naomba mnieleze: mbona aliyegusa anaanguka na aliyeguswa anaendelea?

Bibi Gia: Pole sana kaka. Mimi liliwahi kunikuta, ila nilimwangukia mume wangu. Hadi leo anasema nilikusudia.

Nahodha wa Kusi: Pole kijana. Baiskeli husimama kwa sababu usukani unacheza muda wote, kidogo kidogo, hata usipojua. Ukianza kulalia kulia, unaugeuza kulia na unainuka. Tairi lake lilikuwa kulia kwako. Lilisukuma lako kushoto, ukaanza kulalia kulia, na usukani ukakataa kurudi kwa kuwa njia imezibwa. Yeye aliguswa gurudumu la nyuma, usukani wake uko huru. Ndiyo maana mara nyingi anaumia wa nyuma.

Kupishanisha matairi ndiyo kosa, si ukaribu peke yake. Kaa nyuma yake moja kwa moja au pembeni kidogo, lakini tairi lako lisivuke lake. Mgeni namwanzishia mita moja. Kinga ya upepo bado ipo pale, haikatiki ghafla.

Dogo Pedali: Mimi dawa yangu ni kushika breki. Vidole viko juu ya breki muda wote, akikaribia tu nabana.

Nahodha wa Kusi: Vidole juu ya breki, sawa kabisa. Kubana ndiyo shida. Ukibana kidogo, wa nyuma yako anabana zaidi, wa tano anafunga kabisa. Ukiona unamfikia, acha kusukuma pedali ila miguu iendelee kuzunguka, inua kifua kiupate upepo. Utarudi nyuma mwenyewe. Na usimkodolee macho tairi lake, tazama mabega yake na barabara iliyo mbele yake.

Jingine ambalo watu hawalisemi: mtu akisimama kwenye pedali, baiskeli yake inarudi nyuma kwa ghafla. Kama unataka kusimama, sema "nasimama", kisha inuka wakati mguu unakanyaga chini.

Mtoto wa Bugarama: Sisi Burundi tunashika lori kwa mkono kupanda kutoka Bujumbura, baiskeli zinazoshuka zimebeba ndizi. Hakuna aliyeniambia habari za mabega. Ukiona dereva anapunguza, unaachia.

Bibi Gia: Kaka, huko ni kuvutwa, hapa tunazungumzia upepo! Ila nakuvulia kofia.

Mtoto wa Bugarama: Upepo pia lori linakinga, dada. Tatizo moshi.

Dogo Pedali: Na ishara za mikono? Juzi Bunju niliona shimo, nikaachia mkono kuonyesha, nikakanyaga tuta nusu nianguke. Nikatukanwa na wote.

Nahodha wa Kusi: Walikosea kukutukana, na wewe ulichelewa. Ishara inatolewa mapema: shimo, kidole chini upande lilipo. Gari lililoegeshwa, mkono nyuma ya mgongo ukielekeza upande wa kuhamia. Kusimamisha baiskeli, inua kiganja juu. Ukiwa umeshalifikia tuta, mikono yote miwili ibaki kwenye usukani, tumia sauti: "Tuta!" Na kila mtu airudie, maana wa mwisho hasikii wa kwanza.

Mguu Chuma: Shikamoo mzee. Ningefanya nini baada ya kugusana?

Nahodha wa Kusi: Marahaba. Wengi hujivuta kukimbia, ndipo wanapolala. Shika usukani imara, lisukume tairi lake kwa kuliegemea, kisha mkiwa mmepunguza utoke polepole. Si kila mara inafanikiwa. Tunaijaribu kwenye nyasi, mwendo wa kutembea. Ukipona njoo.

Bibi Gia: Niulize mimi sasa: wa mbele akichoka atoke kushoto au kulia? Kwetu tunatoka kulia.

Nahodha wa Kusi: Kwangu kushoto, kulia kuna malori.

Bibi Gia: Kushoto kuna mchanga, bodaboda na watoto wa shule. Na wa pili ukimpa mbele anatoka mbio kama ana mkopo!

Nahodha wa Kusi: Huyo wa pili abaki na kasi ileile, aangalie kidude cha mwendo. Kuhusu upande, bado tunabishana hata kwetu.