Malipo moja, oda mbili: nani atanilipa mifuko yangu ya chakula cha kuku?

Mfugaji_Muuzaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi. Nina duka la mtandaoni la vyakula vya mifugo, na malipo yetu yote hupitia kampuni moja ya kuunganisha malipo ya simu ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunavutana. Jumamosi iliyopita mteja alinunua mifuko 2 ya chakula cha kuku wa mayai, akalipa shilingi 184,000 mara moja tu, lakini mfumo wetu ukatengeneza oda mbili. Mtu wa Kirikuu akapeleka mifuko 2 saa tisa, na mwenzake akapeleka mingine 2 jioni. Mteja alipokea yote bila kuuliza, na kuku wameshaanza kuila. Kufikia usiku nilikuwa na oda 9 za namna hiyo.

Nilipowapigia simu walinijibu kwamba fedha imeingia mara moja na kwamba kwao hakuna tatizo. Hiki hapa ndicho nilichokikuta kwenye kumbukumbu za seva yangu:

```
14:07:12.418 POST /malipo/callback ref=QX7K20 184000 -> 200 (41.6s)
14:07:42.431 POST /malipo/callback ref=QX7K20 184000 -> 200 (6.2s)
```

Taarifa ileile, kumbukumbu namba ileile, imetumwa mara mbili. Kama huu si uzembe wao, ni wa nani?

kijana_wa_posta

Pole sana mkuu. Suluhisho ni dogo: kabla ya kutengeneza oda, tafuta kwanza kwenye hifadhidata kama hiyo `ref` ipo. Ikiwepo, acha. Mimi hufanya hivyo na sijawahi kupata shida.

Mfugaji_Muuzaji

Ndugu, ukaguzi huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nasema kosa ni lao.

Fundi_wa_Seva

Mkuu, tazama tena mistari yako miwili, hasa sekunde. Taarifa ya kwanza ilifika 14:07:12 na seva yako ikajibu baada ya sekunde 41.6, yaani karibu 14:07:54. Ya pili ilifika 14:07:42, sekunde 30 kamili baada ya ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba wao walisubiri sekunde 30, hawakupata jibu, wakadhani seva yako imekufa, wakatuma tena. Wangekuwa hawarudii, basi kila mtandao unapokatika ungepoteza oda ambayo mteja ameshailipia, na leo ungekuja hapa na uzi mkali zaidi ya huu.

Sasa, kwa nini ukaguzi wako haukusaidia? Niambie programu yako inafanya nini kati ya kupokea taarifa na kuandika oda.

Mfugaji_Muuzaji

Inakagua `ref`, inapunguza stoo, inamtumia mteja ujumbe mfupi, kisha inaandika oda na kujibu. Jumamosi ile huduma ya ujumbe mfupi ilikuwa inasuasua kweli.

Fundi_wa_Seva

Jibu ndilo hilo. Taarifa ya pili ilipokagua saa 14:07:42, ya kwanza ilikuwa bado inasubiri ujumbe mfupi na haijaandika kitu, kwa hiyo ukaguzi ukakuta patupu na kuendelea. Hata ungetanguliza kuandika oda, taarifa mbili zikifika kwa kupishana milisekunde chache zote zitakagua, zote zitakuta hakuna, na zote zitaandika. Ndugu wa Posta hajapata shida kwa sababu seva yake ni ya haraka na bahati iko upande wake.

Kinachotakiwa ni ufunguo wa kuzuia marudio, na anayeulinda awe hifadhidata yenyewe. Kwa Postgres:

```sql
CREATE TABLE malipo_yaliyopokelewa (ref text PRIMARY KEY);

BEGIN;
INSERT INTO malipo_yaliyopokelewa (ref)
VALUES ('QX7K20') ON CONFLICT (ref) DO NOTHING;
-- safu 0: imeshapokelewa; jibu 200, usiandike oda
-- safu 1: andika oda na punguza stoo hapa
COMMIT;
```

Taarifa mbili zikigongana, ya pili itasubiri hadi ya kwanza imalize. Ya kwanza ikifaulu, ya pili inapata safu 0. Ya kwanza ikianguka, ya pili inachukua nafasi yake. Ufunguo na oda lazima viwe ndani ya `BEGIN` na `COMMIT` moja. Ukiandika ufunguo peke yake kisha seva ikazima kabla ya oda, kila marudio yatakataliwa na mteja atakuwa amelipia hewa. Ujumbe mfupi uondoe humo kabisa, uweke kwenye foleni utumwe baada ya kujibu. Usijibu kosa kwa taarifa iliyorudiwa, kwani ukifanya hivyo wataendelea kuituma.

kijana_wa_posta

Nimekuelewa, na usiku huu naangalia ya kwangu. Lakini je, ufunguo ukiwa namba ya simu pamoja na kiasi si rahisi zaidi?

Fundi_wa_Seva

Hapana. Mfugaji aliyenunua mifuko 2 asubuhi anaweza kununua mingine 2 jioni kwa bei ileile, na oda yake halali utaitupa. Chukua kumbukumbu namba ya muamala. Jihadhari pia na namba ya taarifa yenyewe, kwa sababu kuna watoa huduma ambao kila wanaporudia hutoa namba mpya.

mama_vitenge

Mimi nimefanyiwa hivyohivyo mwezi jana. Mteja alibonyeza kulipa, simu ikachelewa kumletea sehemu ya kuweka namba ya siri, akabonyeza tena, akakatwa mara mbili. Kwa hiyo niweke hilo jedwali?

Fundi_wa_Seva

Dada, la kwako ni jingine. Hapo fedha imekatwa kweli mara mbili, kumbukumbu namba ni mbili tofauti, na jedwali hilo litazipitisha zote. Wewe unahitaji kuzuia wakati wa kuomba malipo: tengeneza ufunguo mmoja kwa kila kapu, uutume kwenye kichwa cha `Idempotency-Key` kama mtoa huduma wako anakipokea, na mteja akibonyeza tena utumwe uleule. Kama hakipokei, zuia upande wako kapu lisiombe malipo mapya wakati ombi la kwanza bado halijajibiwa.

Mfugaji_Muuzaji

Nimerudi. Jana usiku nilibadilisha, nikaipiga seva kwa `curl` mara mbili kwa wakati mmoja kwa `ref` ileile, ikazaliwa oda moja. Leo hadi mchana taarifa 3 zimejirudia na hakuna oda ya ziada. Naondoa neno uzembe, ila siondoi lalamiko: hakuna mahali kwenye maelekezo yao palipoandikwa kwamba taarifa inaweza kurudiwa au kwamba wanasubiri sekunde 30, na mimi ndiye niliyegharimia oda 9. Wateja 6 wamekubali kulipa au kurudisha, mmoja hapokei simu, na wawili tunaelewana.

Swali moja limebaki. Malipo yanaposhindikana, kwa mfano mteja akikosea namba ya siri, taarifa inafika bila kumbukumbu namba ya muamala. Ufunguo wake ni upi?

Fundi_wa_Seva

Tumia namba ya ombi, ile uliyopewa ulipoomba malipo, maana hiyo huja kwa yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Ila kagua kama kwa mtoa huduma wako ombi moja linaweza kuleta kushindwa kisha kufaulu. Nimeliona hilo mahali pamoja, na pale ilibidi ufunguo ubebe na matokeo pia.

Mfugaji_Muuzaji

Nimewaandikia kuwauliza. Bado hawajajibu.