Ombi la dola 180 linasoma Pending tangu tarehe 3. Linafutwa na nani?

Wakuu, nina hasira. Huku Marekani nakaa nyumba moja na jamaa na mkewe, bili ya umeme na gesi iko kwa jina langu. Tarehe 3 nikamtumia jamaa ombi la dola 180, sehemu yake ya bili, kwenye app ya kutumiana hela. Leo tarehe 14, bado Pending. Yeye anaapa kalipa tangu tarehe 5. Nimembonyezea Remind mara tatu, jana tukagombana jikoni mpaka ugali ukaungua. Huduma kwa wateja nimesubiri dakika 40, naambiwa "hakuna hela iliyotoka kwake", na kulifuta hawalifuti. Wanalipwa kwa kazi gani?

Bwana_Subira: Tulia mkuu. Pending maana yake benki imeishikilia hela, siku tatu za kazi itaingia.

Mwenye uzi: Siku 11 hizi! Benki gani hiyo?

MamaZuu: Mimi Nairobi nilikosea namba nikituma M-Pesa, nikaipeleka ile meseji 456, nikarudishiwa. Jaribu.

Mwenye uzi: Dada, sijatuma hela. Nimeomba.

Karani_Mstaafu: Ndiyo maana hawana cha kukurudishia. Ombi ni kama bili uliyombandikia mlangoni, hakuna senti iliyotembea. Litafungwa yeye akibonyeza Pay ndani ya ombi lenyewe au akilikataa kwa Decline, la sivyo wewe uliyeomba ulifute. Achana na ombi kwanza. Kwenye historia ya tarehe 5 kuna nini?

Mwenye uzi: Kuna 180 imeingia, Completed, ila jina la mkewe. Nilijua ni mchango wa harusi ya mdogo wangu.

Karani_Mstaafu: Basi hiyo ndiyo bili. Alichukua simu ya mkewe akakutumia upya, ombi hakuligusa. App haiwezi kujua kwamba hela ile ni ya deni lile, hata kiasi kikilingana. Fungua ombi, bonyeza Cancel sasa hivi. Ukiendelea na Remind zako, atachoka abonyeze Pay, itoke 180 nyingine. Hiyo hataweza kuivuta, mpaka wewe umrudishie.

Bwana_Subira: Lakini hata hela iliyotumwa inaweza kusoma Pending.

Karani_Mstaafu: Kweli, mfano ukituma kwa namba isiyo na akaunti. Hapo anayefuta ni mtumaji, kabla mwenzake hajaipokea. Huyu kesi yake si hiyo.

MamaZuu: Likiachwa si litajifuta lenyewe?

Bwana_Subira: Langu lilipotea baada ya mwezi.

Msafiri_77: Langu lina mwaka. Shemeji kagoma kulipa, kukataa hakatai, na mimi silifuti ng'o.

Mwenye uzi: Nimefuta, limetoka. Ila app ingeshindwaje kuniuliza tu, "hii 180 ndiyo ile"? Na jamaa kajifungia chumbani tangu jana, hata chai hajatoka kunywa. Naanzaje kugonga?