Slaidi 96 za mafunzo ya kutunza fedha: nizikateje ziwe somo moja la barua pepe kila wiki?

Kihesabu_Moro

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa waliowahi kufanya jambo hili.

Natoa mafunzo ya utunzaji wa fedha kwa makeshia na wasimamizi wa maduka ya pembejeo, Morogoro na Iringa. Semina ni ya siku mbili, na slaidi zangu ni 96 katika sehemu tano: kitabu cha fedha, kufunga hesabu za siku, mauzo ya mkopo, stoo, na kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Ukumbini wanaelewa, wanauliza, wanafanya mazoezi. Nikipita dukani baada ya mwezi nakuta daftari limejazwa siku chache za mwanzo, kisha kurasa nyeupe.

Nataka baada ya semina kila mmoja awe anapata barua pepe fupi mara moja kwa wiki, somo moja, la kusomeka kwenye simu kabla wateja hawajaanza kuingia. Orodha ina watu kama 340, na walipojaza fomu ya mahudhurio walikubali kuandikiwa. Je, sehemu tano ziwe barua tano? Niambatishe slaidi? Na wanaoingia kwenye semina zijazo nitawaunganishaje, maana wengine watakuwa somo la sita wakati wao ndio wanaanza?

Baraka_Iringa

Mkuu, hapo umeshamaliza kazi. Sehemu tano, wiki tano. Piga picha slaidi muhimu, zibandike ndani ya barua, tuma kila Jumanne saa mbili asubuhi kutoka Gmail yako, watu wote waweke kwenye Bcc. Jambo kubwa ni siku isiyobadilika. Watu wakizoea Jumanne, wataisubiri.

Mama Tausi

Kaka Kihesabu, naandaa masomo ya aina hii kwa watumishi wa zahanati, kwa hiyo nitaeleza kirefu kidogo. Siku isiyobadilika namuunga mkono Baraka. Mengine hapana.

Slaidi uliziandika zikusaidie wewe kuzungumza. Ukimpa mtu slaidi yenye vistari vinne bila sauti yako, anabaki na vichwa vya habari. Somo lenyewe liko kwenye yale uliyokuwa ukiyasema, na kama una bahati uliyaandika kwenye sehemu ya Notes chini ya kila slaidi. Kwenye PowerPoint ya kompyuta ya Windows fungua File, kisha Export, kisha Create Handouts, uchague Notes next to slides. Utapata faili ya Word yenye slaidi upande mmoja na maelezo yako upande wa pili. Fanya kazi humo. Slaidi isiyo na maelezo, jirekodi ukiifundisha kwa sauti, kisha andika ulichosema.

Sasa soma faili lote na kalamu mkononi, na kila mahali jiulize: baada ya hapa keshia anatakiwa kufanya nini dukani? Weka alama penye jibu. Hizo alama ndizo barua zako, wala hazitalingana na sehemu tano. Slaidi za maana ya uhasibu na aina za vitabu hazitapata barua hata moja, kwa sababu hakuna kinachofanyika baada ya kuzisoma. Lakini nadhani una slaidi moja tu ya mauzo yanayolipwa kwa simu, nayo inastahili barua nzima, kwa sababu fedha hizo zinaandikwa kuwa mauzo lakini haziingii kwenye droo, na hapo ndipo hesabu za jioni zinapogoma.

Kihesabu_Moro

Dada, ni kweli kabisa, ni slaidi moja. Na ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote nikitembelea maduka. Naomba mfano wa barua moja basi. Sehemu ya pili, kufunga siku, ina slaidi 23.

Mama Tausi

Katika hizo 23, mimi ningetoa barua tatu: kuhesabu droo, mauzo ya simu, na nani anashika ufunguo na kusaini. Ya kwanza ningeiandika hivi:

> Kabla hujafunga leo, hesabu droo
>
> Habari za asubuhi. Kwanza jibu hili bila kufungua daftari: umemlipa bodaboda aliyeleta mbolea kutoka kwenye droo. Unaandika upande wa fedha iliyoingia au iliyotoka? Jibu liko chini.
>
> Wiki hii tunahesabu droo. Chukua duka moja: asubuhi droo ilianza na 50,000. Mauzo ya fedha taslimu yakawa 182,000. Malipo yaliyotoka kwenye droo, 27,000. Jioni droo inatakiwa kuwa na 205,000. Keshia akahesabu, akapata 198,500. Zimepungua 6,500.
>
> Asijazie kutoka mfukoni, wala asirudi kubadilisha mauzo ili namba zifanane. Anaandika: upungufu 6,500, tarehe, na wanasaini watu wawili. Upungufu ulioandikwa unaweza kutafutwa kesho. Uliofichwa hauonekani tena.
>
> Kazi yako: fanya hivi jioni tatu. Kisha ijibu barua hii kwa namba tatu tu, tofauti ya kila jioni. Kama hakuna tofauti, andika 0.
>
> Jibu la swali: upande wa fedha iliyotoka.

Imeisha. Swali la mwanzo linarudisha somo la wiki iliyopita, maana mtu hukumbuka zaidi akilazimika kulivuta kichwani kuliko akilisoma tena. Katikati kuna mfano mmoja wenye namba kamili. Mwisho kuna kazi moja. Ukijikuta unaandika "pia kumbuka", simama: hiyo ni barua nyingine.

Jambo dogo linaloharibu masomo mengi: futa maneno kama "tulivyoona jana" au "kwenye slaidi iliyopita". Atakayeisoma mwezi wa nne hajui jana ni lini.

Baraka_Iringa

Na picha za slaidi? Watu wanapenda picha, dada.

Mama Tausi

Picha ya ukurasa wa daftari uliojazwa vizuri kwa mkono, ndiyo, moja, nyepesi. Picha ya slaidi hapana. Maandishi ya slaidi kwenye simu yanakuwa madogo kama chawa, na asiye na bando la kutosha ataona kisanduku kitupu. Somo lazima lieleweke hata picha isipofunguka.

Sokoni_Kwetu

Kaka, ukitaka barua pepe ziuze, weka punguzo kwenye kichwa cha barua na muda wa mwisho. Mimi nauza mbegu za mboga, wateja wanafungua haraka wakiona "leo tu". Na usitume mara moja kwa wiki, watasahau. Tuma mara tatu.

Kihesabu_Moro

Asante ndugu, lakini siuzi kitu. Hawa wameshasoma, nataka watumie walichosoma.

Fundi_Seva

Upande wa kutuma. Gmail ya kawaida inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo 340 wanaingia. Lakini Bcc haijui nani yuko somo la ngapi, haina kiungo cha kujiondoa, na barua moja kwa mamia ya watu namna hiyo huishia kirahisi kwenye spamu. Tumia huduma ya kutuma barua kwa orodha, kama MailerLite, Brevo au Mailchimp. Kabla ya kulipia hakikisha kifurushi hicho kina mfululizo wa kujiendesha.

Hapo ndipo swali lako la wageni linapojibika. Usipange barua kwa tarehe za kalenda. Panga kwa mtu: akiingizwa kwenye kundi la "semina", mfululizo wake unaanza, na kila barua inasubiri siku saba baada ya iliyotangulia. Ya kwanza iwe fupi ya kumkaribisha na kumweleza atapata nini na kwa wiki ngapi, iende hapo hapo. Kisha weka kusubiri mpaka Jumanne ijayo, ndipo somo la 1 litoke. Ukiacha siku saba tupu, aliyeingizwa Jumamosi usiku atapata masomo yote Jumamosi usiku.

Anwani ya kutumia isiwe ya @gmail.com. Nunua jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, kisha kwenye mipangilio yake ya DNS weka kumbukumbu za SPF na DKIM ambazo huduma hiyo itakupa, na DMARC; hizo ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti haya. Ya DMARC kwa kuanzia inatosha hivi:

```
_dmarc   TXT   "v=DMARC1; p=none"
```

Jitumie barua ya majaribio kwenye Gmail, fungua Show original, uone SPF, DKIM na DMARC zote zimeandikwa PASS. Moja ikisema FAIL, usianze.

Mzee_wa_Ghala

Vijana, mnazungumza vizuri, lakini keshia wa duka la pembejeo hafungui barua pepe. Simu ya Android ilimtaka anwani, akatengeneza, akasahau. Mimi nina watu wa ghala 18, nawatumia WhatsApp, wanasoma siku hiyo hiyo.

Mama Tausi

Mzee wangu, shikamoo. Kwa watu 18 unaowafahamu kwa majina, naona uko sahihi. Kwa 340 walioingia kwa nyakati tofauti, kundi la WhatsApp haliwezi kumpa mmoja somo la 2 na mwingine la 7, na somo linazama chini ya salamu na picha za harusi. Ila hoja yako ya anwani zilizosahaulika ni nzito. Kaka Kihesabu, siku ya semina watume barua ya kukaribisha wakiwa bado ukumbini, kila mtu aifungue kwenye simu yake na aijibu neno moja. Asiyeipata mtamgundua hapo hapo.

Mzee_wa_Ghala

Marahaba. Hilo la ukumbini ni zuri. Bado naona nusu hawatafungua.

Kihesabu_Moro

Nitajuaje wanaofungua? Nimeona huduma hizi zinaonyesha asilimia.

Fundi_Seva

Usiiamini sana. Tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya Apple inaweza kupakua picha za barua yenyewe, hata mwenye simu hajaisoma, na huduma inahesabu kuwa imefunguliwa. Hesabu majibu. Zile namba tatu za droo ndizo kipimo chako. Na majibu yenyewe yanaisaidia Gmail kuona kwamba barua zako zinatakiwa.

Kihesabu_Moro

Nimekaa na faili la Word tangu asubuhi. Nimepata alama 9, kwa hiyo wiki 9. Mauzo ya mkopo yamezaa barua mbili, stoo mbili, benki moja, kitabu cha fedha moja, na tatu za kufunga siku. Limebaki moja: asiyejibu kazi ya somo la 3, nimzuie asipate la 4?

Fundi_Seva

Mzuie. Somo la 4 linategemea la 3. Weka kiungo cha "nimefanya", asipobonyeza abaki hapo na akumbushwe.

Mama Tausi

Mimi sizuii. Mwezi wa kilimo duka linajaa, atakosa wiki mbili, na ukimfungia hatarudi. Muache aendelee, ila kwa aliyenyamaza masomo mawili mfululizo mpigie simu. Kwa tofauti za droo zinazofanana kila jioni pia piga, hasa mtu akiandika 0, 0, 0 wiki nzima kwenye duka lenye wateja wengi.

Kihesabu_Moro

Hizo sifuri sikuwa nimezifikiria. Nitaanza na kundi la Iringa la watu 40 bila kuzuia, na kundi linalofuata la Morogoro nitalizuia, nilinganishe majibu ya somo la 6. Fundi, naomba uniangalizie hilo jina la kikoa kabla sijalipia.