Naomba jicho la pili: barua ya mapendekezo ya mwanafunzi wangu

ChakiNyeupe
Wakuu, kuna mwanafunzi anaomba ufadhili wa kusomea udaktari na ameniomba barua. Nimemfundisha kemia miaka miwili, ila sijawahi kuwa mwalimu wake wa darasa. Nimeandika hivi:

"Ni heshima kwangu kumpendekeza mwanafunzi huyu. Ana bidii, nidhamu na akili nyingi. Ni miongoni mwa wanafunzi bora kabisa shuleni na ana kipaji cha uongozi. Anatoka familia yenye maadili mema lakini isiyojiweza. Sina shaka atakuwa daktari mahiri."

Nikiisoma naona imekaa vizuri, lakini kuna kitu kimepungua. Nirekebishe wapi?

Kalamu_Nyekundu
Mwalimu, weka jina la mwanafunzi mwingine yeyote mzuri kwenye barua hiyo. Inabaki kweli, sivyo? Basi sentensi mbili za kwanza hazijamsema huyu.

Zilizobaki, andika pembeni ya kila moja: nimejuaje? "Bora shuleni" huwezi kuisema, kwa sababu wewe unawaona wa kemia tu. Sema "kati ya 120 niliowafundisha miaka hii miwili", au idadi yoyote iliyo kwenye orodha zako za mahudhurio. Uongozi, umeuona wapi? Familia ifute kabisa. Hali ya fedha huthibitishwa na nyaraka za mwombaji mwenyewe, na maadili ya nyumbani kwao hukuyashuhudia. "Atakuwa daktari" ni utabiri. Msomaji akikukuta umetabiri na kusifia nyumba usiyoijua, ataanza kushuku hata yale uliyoyaona kwa macho yako.

Bwana Takwimu
Dawa ni namba tu. Weka alama zake za kila muhula na nafasi aliyoshika, hakuna atakayebisha.

Kalamu_Nyekundu
Nusu nakubali. Nafasi yake kati ya wanafunzi wa mwalimu ni ushahidi mzuri. Alama za kila muhula tayari ziko kwenye matokeo aliyoambatisha, kuzirudia ni kula nafasi ya barua. Alama inasema alipata jibu. Haisemi alifanya nini jibu lilipokataa. Hilo analijua mwalimu peke yake. ChakiNyeupe, kuna siku yoyote maabara unayoikumbuka?

MamaDarasa
Na mimi nina barua kama hiyo, ya kuombea kazi ya kufundisha. Mkuu wa shule kaandika nina "mbinu bora za ufundishaji" na hajawahi kukanyaga darasani kwangu. Niibadilishe?

Kalamu_Nyekundu
Dada, usiguse hata nukta, saini ni yake. Mkaribishe akae kipindi kimoja kisha aandike alichokiona, au barua aiandike mkuu wa idara aliyekwisha kukukagua.

ChakiNyeupe
Ipo siku moja. Walikuwa wanapima asidi kwa besi. Usomaji wake wa kwanza ulikuwa sentimita za ujazo 24.6, uliofuata 24.1, na wa tatu 24.1. Wengi hufuta wa kwanza. Yeye aliuacha, akauweka nje ya wastani na kuandika sababu: kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti.

Kalamu_Nyekundu
Hiyo ndiyo barua! Kiputo kikitoka, kimiminika hujaza nafasi yake bila kufika kwenye chupa, ndiyo maana usomaji ukazidi. Alijua chanzo na hakuficha kosa. Andika hivi:

"Usomaji wake wa kwanza ulipozidi kwa 0.5, hakuufuta. Aliuacha kwenye daftari, akaeleza kwamba ni kiputo cha hewa kwenye bureti, na akatumia miwili iliyolingana."

Neno "mwaminifu" usiliweke. Msomaji atalisema mwenyewe. Ila usitegemee kumbukumbu, fungua daftari kwanza.

Bwana Takwimu
Na udhaifu wake? Barua isiyo na doa inatia shaka.

Kalamu_Nyekundu
Hapo tunatofautiana. Fomu ikiuliza, ajibu kwa ukweli. Isipouliza, mimi sitafuti doa ili barua ipendeze.

Bwana Takwimu
Mimi ningeweka moja hata isipouliza.

ChakiNyeupe
Nimelipata daftari. Namba ni zilezile. Tatizo ni kwamba walifanya wawili wawili, na maelezo ya kiputo yako kwa mwandiko wa mwenzake.

Kalamu_Nyekundu
Bora umeliona sasa. Lakini mwandiko haukuambii nani aligundua. Mara nyingi mmoja husoma bureti, mwingine anaandika. Waulize mmoja mmoja, ukianza na huyo mwenzake, na usimtajie barua. Wakitofautiana, andika "yeye na mwenzake", au tafuta siku nyingine.

ChakiNyeupe
Mwenzake nitamwona Jumatatu. Sentensi ya familia nimeshaifuta.